Mshumaa Huu Ofu Yake Lini?

Katika chumba cha wauguzi cha wodi yetu kuna kabati la dawa, na upande wa ndani wa mlango wake kuna nafasi ya karatasi moja. Zamani palibandikwa orodha fulani, ikahamishiwa kwingine, zikabaki alama za gundi. Msimamizi wetu wa wodi, ambaye sote humwita mama, aliniita siku moja akaniambia, "Wewe maneno unayaweza. Tuandikie misemo ya wanaoingia usiku, tuibandike pale. Watu wamechoka."

Niliandika mitano kwa dakika kumi, na wepesi huo ulitosha kunishtua, ila sikushtuka. Wa kwanza ulikuwa huu: "Muuguzi ni mshumaa, huteketea ili wengine waone." Nilijisifu kimoyomoyo. Usiku uliofuata niliingia zamu na mwenzangu mmoja, mdogo kwangu kwa umri na kwa kazi, nikampa karatasi aisome. Ilikuwa kama saa tisa na nusu usiku, wakati ambao hata mtu mpole hukosa subira. Alisoma mstari wa kwanza akanirudishia.

"Dada," akasema, "huu mshumaa ofu yake lini?"

Hakusubiri jibu, kwa sababu kitanda cha pili walikuwa wanaita. Mimi nilibaki nimeishika ile karatasi. Tangu usiku ule nimekuwa nikiandika na kufuta misemo ya zamu ya usiku, na nimejifunza kwamba msemo wa kumwambia aliyechoka ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana, kwa sababu maneno mengi tuliyonayo kuhusu uchovu humsifu mtu kwa kuumia.

Tuanze na huo mshumaa, maana una ukoo. Picha ya muuguzi na taa inatokana na Florence Nightingale, muuguzi Mwingereza aliyefika hospitali ya kijeshi ya Scutari, Uturuki, mwezi wa Novemba 1854, wakati wa vita vya Krimea, akawa anazunguka usiku kati ya vitanda na taa mkononi. Wachoraji baadaye walimpa taa za kila namna, hata zile za hadithini zenye mdomo mrefu. Taa iliyotumika kule ilikuwa fanusi ya kukunjwa. Kwangu hilo si jambo dogo. Fanusi huhifadhi mwanga ndani yake ili upepo usiuzime, na ukishafika unakokwenda unaizima na kuikunja, kesho unaiwasha tena. Mshumaa haukunjwi. Tuliorithi picha ile tulibadilisha chombo bila kujua, tukajipa kile kinachoisha.

Yeye mwenyewe Nightingale aliugua vibaya kule mwaka 1855, na sehemu kubwa ya maisha yake yaliyobaki aliishi akiwa mgonjwa, ingawa aliendelea kuandika na kupiga hesabu za takwimu hadi uzeeni. Na katika kitabu chake kuhusu uuguzi, kilichotoka mwishoni mwa 1859, ana sura nzima juu ya jambo ambalo halimo kwenye kadi yoyote ya pongezi niliyowahi kupokea: namna ya kuhakikisha kwamba unachokifanya ukiwepo kinafanyika pia usipokuwepo. Anaeleza kwamba uangalizi wote hubomoka kama unategemea mtu mmoja asiyeondoka. Yaani huyohuyo tunayemtaja kama mfano wa kukesha alikuwa anatufundisha kuondoka.

Nikarudi kwenye methali zetu kutafuta msaada. Nilipata mchanganyiko. "Mvumilivu hula mbivu" niliiacha mapema. Ni kweli kwa anayesubiri embe, lakini ukimwambia mtu aliye kwenye usiku wa nne mfululizo unamwomba asubiri bila kumwambia anasubiri nini. "Mchumia juani hulia kivulini" ilinichekesha, kwa sababu sisi ni kinyume chake kabisa: tunachuma kizani, kisha tunajaribu kulala jua likipiga dirishani. Hata methali haikutupangia zamu.

"Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi" ilinifaa, ila si kwa ukutani. Hiyo ni ya kumkumbusha anayeandika misemo, na siku ile nilipoandika juu ya mshumaa nilikuwa nimetoka likizo.

Iliyobaki kwenye karatasi mpaka leo ni moja: "Awike asiwike, kutakucha." Watu huitumia kumnyamazisha jogoo anayejiona. Kwa mtu wa zamu ya usiku ina upole usiotarajiwa. Saa kumi alfajiri unaanza kuamini kwamba wewe ndiye unayeisukuma asubuhi ije, kwamba ukikaa chini dakika kumi jengo zima litasimama. Methali inakuambia jua halikungoji. Kaa.

Lakini kilichonisaidia zaidi ya methali ni neno moja ambalo hatulioni kwa sababu tunalisema kutwa: pole. Tukimkuta mtu kazini tunamwambia "pole na kazi", na akitoka tunamwambia "pole na uchovu". Hatumwambii hongera. Hongera ni ya jambo lililokwisha na likawa jema, kama harusi, mtoto au mtihani. Ukimpa mtu hongera kwa kukesha, umeukubali ukeshaji wake kama ushindi, na ushindi hutakiwa urudiwe. Pole haimtaki arudie. Pole inasema nimeona kuwa hiki kinakuelemea, na inaishia hapo, wala haimvui heshima. Nikaanza kupima kila msemo kwa swali hilo: huu ni wa ukoo wa pole au wa ukoo wa hongera?

Mwaka 2020 ulikuwa mwaka wa hongera. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeutangaza mapema kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Wauguzi na Wakunga, kwa kuwa ilitimia miaka 200 tangu Nightingale azaliwe, kisha korona ikaingia na katika nchi nyingi watu wakasimama madirishani kuwapigia makofi watumishi wa afya. Tukaitwa mashujaa. Sidharau makofi yale, yalitoka moyoni. Ila shujaa ana tabia mbaya moja: haombi glavu, na haulizi atakayempokea zamu yuko wapi. Muuguzi huuliza vyote viwili.

Sasa nieleze usiku ulionipa msemo wa kwanza wa kweli, maana haukutoka kichwani bali kwenye kosa langu.

Ulikuwa usiku wa kwanza wa mzunguko wangu, na usiku wa kwanza huwa mbaya kuliko watu wanavyodhani. Mtu huamka asubuhi kama kawaida, mchana hapati usingizi kwa sababu mwili haujui kwamba kuna kazi mbele, jioni anaingia zamu. Mimi niliamka saa moja asubuhi. Ilipofika saa kumi alfajiri nilikuwa macho kwa saa ishirini na moja. Mwaka 1997 watafiti wawili, Dawson na Reid, walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya vibaya kwenye vipimo vya umakini sawa na mtu mwenye kileo cha asilimia 0.05 katika damu, kiwango ambacho nchi nyingi humzuia mtu asiendeshe gari. Nilikuwa nimekipita kwa saa nne. Ongeza na saa yenyewe: kati ya saa tisa na saa kumi na moja joto la mwili hushuka kuliko wakati mwingine wowote wa siku, na usingizi huja kama mtu anayekuvuta shati. Ukakamavu hauondoi hilo. Unaweza kulificha tu, hata kwako mwenyewe.

Mgonjwa alikuwa mama mtu mzima, siku moja baada ya upasuaji. Daktari aliandika maji ya dripu mililita 1,000 yaende kwa saa nane. Mrija tuliokuwa nao hutoa matone 20 kwa kila mililita. Hesabu yake mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaiweza: mililita 1,000 mara matone 20 ni matone 20,000; saa nane ni dakika 480; ukigawa unapata matone 42 kwa dakika, kwa kukadiria. Namba hii naijua kama namba ya simu yangu. Lakini mgonjwa niliyetoka kumhudumia kabla yake maji yake yalikuwa ya saa nne, na ile nne ilinifuata. Nikagawa kwa 240. Nikapata 83, nikaiandika kwenye karatasi, wala haikunishangaza. Nikikumbuka, linalonitisha ni hilo la kutoshangaa. Kosa la mtu mzima wa akili humgutusha. La mtu aliyechoka hukaa kimya likafanana na jibu.

Nilimwita mwenzangu, yule wa mshumaa. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumwambia, "Niangalizie hapa, themanini na tatu, sivyo?" Akaniwahi. "Usiniambie," akasema. Akachukua karatasi ya daktari, akaangalia pakiti ya mrija, akahesabu pembeni, akanionyesha: 42. Tukatazamana. Tukahesabu tena wote wawili, kwa sauti ndogo, kama watoto.

Kama ningemtajia namba yangu kwanza, naamini angesema ndiyo. Na yeye alikuwa amechoka, na ubongo uliochoka hupenda kukubali. Kuhakiki kwa kuonyeshwa jibu si kuhakiki, ni kushuhudia. Maji yale yangeanza saa kumi na dakika ishirini na kwisha saa mbili na ushee asubuhi badala ya saa sita mchana, na mwili wa mtu mzima uliotoka kupasuliwa si lazima uyapokee kwa upole: presha inaweza kupanda, maji yakajaa mapafuni, mgonjwa akaanza kuhema akiwa amelala chali. Tungeligundua labda kwa pumzi zake, baada ya kuchelewa.

Msemo ulioingia kwenye karatasi asubuhi ile ni huu: "Hesabu ya saa kumi huhesabiwa na wawili." Hauna utamu. Lakini unaukubali uchovu kama kitu kilichomo ndani ya wodi, kama ilivyo taa iliyoungua, na unakuambia ufanye nini. Mwenzangu aliongeza kwa kalamu chini yake, kwa herufi ndogo: "na wa pili asiambiwe." Sikulifuta. Ni sehemu bora ya msemo.

Baada ya hapo ulikuja mwingine, kutokana na aibu. Siku chache baadaye nilimkuta huyo mdogo wangu ameegemea meza, amefumba macho, wakati wa mapumziko yake halali. Aliponisikia aliruka akaanza kuomba radhi. Kana kwamba nimemkuta anaiba. Nikakumbuka kwamba mimi nami huruka hivyohivyo. Lugha yetu inasema mtu ana moyo mzito akiwa hataki jambo, na nadhani tunaogopa watu wakiona macho mazito watasoma moyo mzito. Nikaandika: "Kope nzito si moyo mzito." Huu watu waliupenda kuliko yote, na ninaelewa: unatenganisha vitu viwili ambavyo wasimamizi wengi, na sisi wenyewe, huvifunga pamoja. Usingizi wa dakika ishirini wakati wa mapumziko humsaidia mtu amalize usiku akiwa na akili yake. Kinachohitajika ni mwenzie kujua, kushika wagonjwa wake kwa muda huo, na yeye akiamka asikimbilie sindano mara moja. Ukungu wa kuamka hukaa robo saa au zaidi, kwa hiyo aanze na kunawa uso na kuzunguka vitanda.

Kuhusu lengo la kazi nilihangaika zaidi. Maneno makubwa kama wito, sadaka na huduma niliyajaribu, yakalala ukutani kama mabango ya uchaguzi uliopita. Saa kumi alfajiri hakuna anayekumbuka wito. Mtu anakumbuka kwamba mzee wa kitanda cha tano hawezi kujigeuza, na kwamba kila saa mbili anageuzwa, kushoto, chali, kulia, ili asipate vidonda vya mgandamizo mgongoni na visiginoni. Anageuzwa akiwa nusu usingizini, ananung'unika, analala tena. Asubuhi ngozi yake ni nzima na hakuna atakayemshukuru mtu kwa kidonda ambacho hakikutokea. Sehemu kubwa ya kazi ya usiku iko hivyo, ni mambo ambayo hayakutokea.

Kwa hiyo niliandika, "Kuna aliyelala kwa kuwa niko macho." Nikautazama siku mbili. Ulikuwa kweli, lakini ulinipa wasiwasi: ukiusoma vibaya unamfunga mtu asilale kamwe, maana daima kuna mtu amelala mahali fulani. Mshumaa ulikuwa unarudi kupitia mlango wa nyuma. Niliongeza maneno mawili mwanzoni: "Usiku huu, kuna aliyelala kwa kuwa niko macho." Maneno hayo mawili yanauwekea mpaka. Kesho usiku ni wa mwingine.

Kisha kuna kukabidhi zamu, ambapo hatia hujificha. Hakuna usiku unaomaliza kazi yake. Kuna bandeji ya kitanda cha sita haikubadilishwa, kuna majibu ya damu hayajarudi, kuna ndugu wa mgonjwa waliotaka kuongea na daktari. Niliandika, "Zamu imeisha, kazi haijaisha." Nikaubandika, na wiki ile niliona watu wakichelewa kutoka kuliko kawaida. Saa mbili imepita, mtu bado anatafuta mkasi wa bandeji. Nilichukua muda kung'amua kwamba ni mpangilio. Sentensi ya Kiswahili huacha uzito wake mwishoni, na mimi niliacha "kazi haijaisha" ndilo neno la mwisho sikioni. Nikageuza: "Kazi haijaisha, ila zamu imeisha." Maneno ni karibu yaleyale, lakini sasa unatoka.

Sitadai kwamba karatasi ndiyo iliyobadilisha watu. Kilichobadilika ni kwamba tulianza kusema mabaki kwa sauti. Mpokeaji anaambiwa mgonjwa ni nani, kilichompata usiku, alivyo sasa, na kinachosubiri, na kwenye hicho kinachosubiri, mtu anasema bila kujitetea, "Bandeji ya kitanda cha sita sikuifikia." Mpokeaji anaandika. Hapo ndipo yale maneno ya 1859 yanapotimia: jambo linafanyika bila wewe kuwepo. Kibaya si kuacha kazi, kibaya ni kuiacha bila kuitaja, kwa sababu iliyofichwa haimo kwenye orodha ya mtu yeyote.

Kuna jambo moja ambalo misemo yangu haina uwezo nalo, na nililiona siku ambayo mgeni mmoja mwenye cheo alipita wodini, akasoma karatasi yetu, akafurahi, akasema ingefaa ichapishwe kwa rangi ibandikwe wodi zote. Usiku uliopita tulikuwa wawili kwa wagonjwa thelathini na wanne. "Kope nzito si moyo mzito" ikitoka kwa mwenzangu inaniruhusu nifumbe macho. Ikitoka kwa anayepanga idadi ya watu wa zamu, inaniambia kwamba amejua nina moyo na hivyo ataendelea. Maneno hayakubadilika hata herufi. Mama msimamizi, Mungu ampe maisha marefu, alimjibu kwa heshima zote kwamba karatasi ile ni ya ndani ya kabati.

Jioni yake alileta kalamu, akaandika mwenyewe mstari chini kabisa, na si msemo: "Mkiwa wachache, andikeni kitabuni mlikuwa wangapi kwa wagonjwa wangapi." Tangu hapo tunaandika. Tarehe, zamu, wauguzi wangapi, vitanda vingapi, nini hakikufanyika. Hakuna shairi humo, na sidhani kama nimewahi kuandika kitu chenye kumheshimu aliyechoka zaidi ya safu zile za namba.

Msemo wa mwisho haupo kwenye kabati, kwa sababu unasemwa mlangoni. Ulianza kama mzaha juu ya neno kesha, lile la kukesha na lile la "keshaamka", mtu anapokwisha kuamka. Nilimtumia mdogo wangu kwenye simu asubuhi moja baada ya usiku wake wa nne, mimi nikiwa ndio naingia zamu ya mchana na yeye akiwa njiani kurudi: "Aliyelala keshaamka, aliyekesha akalale."

Alama za kuonyesha amesoma hazikutokea. Nikabadilisha bandeji ya kitanda cha sita, nikamgeuza mzee wa kitanda cha tano, nikapokea majibu ya damu. Jibu lake liliingia saa tisa alasiri.

"Samahani dada, nilikuwa nimelala."

Nikamwambia hilo la samahani alifute.